Mwenye miaka 35 anaingia nguzo gani?

Mwezi uliopita tulitembelewa hapa Milimani na viongozi watatu wa chama kimoja cha kule ufuoni, upande wa Dunga. Walikuja kuuliza mambo ya akaunti ya chama: nani aidhinishe malipo, taarifa ya mwezi itapatikana vipi, vitu vya kawaida. Halafu mweka hazina akatoa simu akatuonyesha chati aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa anajivunia, na kusema kweli ilikuwa chati safi kuliko nyingi tunazoziona kwenye mikutano yetu wenyewe.

Chati ilikuwa ya umri wa wanachama. Chama kina watu 40, na nguzo zilikuwa nne. Miaka 20 hadi 29 walikuwa 14, miaka 30 hadi 39 walikuwa 18, miaka 40 hadi 49 walikuwa 6, na 50 kwenda juu walikuwa 2. (Idadi tumezibadilisha kidogo ili wasijulikane, ila hadithi ni ile ile.)

"Mnaona?" akasema. "Sisi ni chama cha vijana. Watu 32 kati ya 40. Hiyo ni asilimia 80."

Walikuwa wanataka kujisajili AGPO, ule mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lengo lao lilikuwa kuuzia taasisi samaki na mboga. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inasema kwamba ukitaka kuingia kwa tiketi ya vijana, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na uongozi wote uwe wa vijana. Asilimia 70 ya watu 40 ni watu 28. Wao walikuwa na 32, kwa hiyo kazi imekwisha, si ndiyo?

Hapana. Na kosa halikuwa kwenye kuhesabu, maana alihesabu vizuri kabisa. Kosa lilikuwa pale alipokata.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35. Kwa hiyo mpaka wa ujana uko pale mtu anapotimiza 35. Sasa rudi kwenye chati. Nguzo ndefu kuliko zote, ile ya 30 hadi 39, imeukalia mpaka huo katikati. Ndani yake kuna vijana na kuna watu ambao kwa sheria si vijana tena, na ukiiangalia hiyo nguzo hata kwa miwani huwezi kuwatenganisha. Watu 18, na kila mmoja wao ni fumbo.

Tukamwomba ile orodha yenyewe. Tukakata upya: 30 hadi 34 walikuwa 11, na 35 hadi 39 walikuwa 7. Vijana kwa hiyo ni 14 na 11, jumla 25. Asilimia 62.5. Kutoka asilimia 80 hadi 62.5, na hakuna mtu hata mmoja aliyeondoka kwenye chama.

Katibu hakukubali haraka. Akasema yeye siku zote amesikia vijana ni "18 hadi 35". Na si yeye tu, hata kwenye matangazo utaona imeandikwa hivyo hivyo. Tukaangalia ni wangapi wana miaka 35 kamili, tukapata watatu. Ukiwaongeza kwa 25 unapata 28. Asilimia 70 kamili!

Hapo ndipo kila mtu alinyamaza kidogo. Ukisoma mpaka kwa njia moja chama kinaingia, ukiusoma kwa njia nyingine kinabaki nje. Yote hayo yanategemea kama nguzo inaishia kwa 34 ama kwa 35. Katiba inasema "hajafikisha", kwa hiyo aliyetimiza 35 juzi yuko nje. Nguzo sahihi ni 18 hadi 34, na hao watatu wanaingia inayofuata.

Sisi msimamo wetu ni huu, na tunajua wengine hawataupenda: kugawa umri kwa makumi ni mazoea tu. Tunapenda 20, 30, 40 kwa sababu tuna vidole kumi, lakini hakuna sheria, mkopo wala huduma Kenya inayomjali mtu eti kwa sababu ametimiza 30. Inayojali ni 18, maana hapo ndipo unapata kitambulisho na unaweza kusajili laini kwa jina lako. Inajali 35. Inajali 60, ambapo Katiba inaanza kumwita mtu mzee, na ndio umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa serikali. Na kwa pesa za wazee za Inua Jamii mpaka ni 70, si 60. Kwa hiyo kabla ya kukata, jiulize hii chati inajibu swali gani, halafu mipaka uichukue huko.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hili, na huenda umewahi kuurudia bila kujua. Baada ya sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu Wakenya milioni 47.6, kulikuwa na sentensi moja iliyozunguka sana: kwamba asilimia 75 ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Ni kweli kabisa. Ni watu karibu milioni 35.7. Lakini ikifika kwenye jukwaa la siasa ama kwenye tangazo la biashara, inageuka kuwa "asilimia 75 ya Wakenya ni vijana". Hiyo si kweli. Vijana wa Katiba, wa 18 hadi 34, walikuwa karibu asilimia 29. Wale wengine, karibu milioni 22, ni watoto. Wako nasari, wako shule ya msingi, wengine bado wako mgongoni mwa mama. "Chini ya 35" ni kundi lenye mpaka wa juu pekee. Mpaka wa chini umesahaulika, na watoto wote wakaingia kwenye ujana.

Tunakiri kwamba sisi wa masoko ndio mabingwa wa kosa hili. Chuoni tulifundishwa makundi ya 18–24, 25–34, 35–44, 45–54, 55–64 na 65 kwenda juu, na ndiyo unayoyakuta kwenye mitambo ya matangazo ya mtandaoni. Yametoka kwa wenzetu ng'ambo. Kwa bahati nzuri yanakata pale pale kwa 18 na 35, kwa hiyo kwa vijana yanatufaa. Lakini angalia kundi la 55–64. Mpaka wetu wa 60 umo tumboni mwake. Ukitaka kujua wateja wangapi ni wazee kwa Katiba, ama wangapi wako karibu kustaafu, hayo makundi hayakuambii kitu. Huko yalikotoka 65 ilikuwa na maana yake. Hapa Kisumu mtu wa miaka 62 ameshafanyiwa sherehe ya kuagwa kazini na amerudi kulima nyumbani.

Basi turudi kwa chama chetu, kwa sababu haikuishia hapo.

Wale watatu wa miaka 35 walitutia shaka. Kundi la 35 hadi 39 lina umri tano ndani yake: 35, 36, 37, 38 na 39. Watu saba wakigawanyika kawaida, ungetarajia mmoja ama wawili kwa kila umri. Watatu kwa 35 si ajabu kubwa, lakini tulipoangalia orodha nzima tukaona umri unaoishia na 0 au 5 umejaa kila mahali: 25, 30, 35, 40. Walikuwa watu 15 kati ya 40. Kwa kawaida, kwa kuwa tarakimu za mwisho ni kumi na hizi ni mbili, ungetarajia mmoja kwa kila watano, yaani kama wanane hivi. Watakwimu wanalijua jambo hili tangu zamani, na wana kipimo kinachoitwa kipimo cha Whipple ambacho kinafanya hesabu hiyo hiyo kwa watu wa miaka 23 hadi 62. Maana yake ni kwamba orodha haikuandikwa kutoka kwenye kitambulisho. Mtu aliulizwa "una miaka mingapi?" akakadiria, na akikadiria anaangukia namba iliyo tamu mdomoni.

Na hapa kuna mtego. Namba ambazo watu hukadiria ni zile zile ambazo sheria hupenda kuweka mipaka. 35 inaishia na 5, na 60 inaishia na 0. Kwa hiyo makosa ya kukadiria hayasambai sawasawa, yanarundikana pale pale mpakani ambapo yanauma zaidi. Kosa la mwaka mmoja kwa mtu wa 27 halibadilishi kitu, yuko ndani ya ujana hata ukikosea miaka mitano. Kosa la mwaka mmoja kwa mtu wa 35 linamtoa kundi moja na kumtia lingine.

Tukawaomba warudi na tarehe za kuzaliwa kutoka kwenye vitambulisho. Wakarudi Ijumaa. Kati ya wale watatu, mmoja alikuwa na 34 bado, atatimiza 35 Novemba. Wengine wawili walikuwa na 36 na 37. Kwingine hakuna aliyevuka mpaka. Vijana sasa wakawa 26, asilimia 65. Bado wawili kufikia 28.

Mwenyekiti akasema, "Basi ni rahisi, tuongeze vijana wawili."

Hapo pia kuna hesabu ndogo. Ukiongeza vijana wawili, chama kinakuwa na watu 42, na vijana 28 kati ya 42 ni asilimia 66.7 tu. Kila unayemwongeza anaongeza vijana na anaongeza jumla pia. Ukiongeza sita unapata 32 kati ya 46, asilimia 69.6, bado nywele moja. Ni wa saba ndiye anayewavusha: 33 kati ya 47, asilimia 70.2. Kwa hiyo si wawili, ni saba. Na mweka hazina wetu mwenyewe, yule wa chati nzuri, ana miaka 36. Uongozi wote lazima uwe wa vijana, kwa hiyo ingebidi aachie kiti. Alicheka, akasema, "Dada zangu na kaka zangu, kumbe mimi ndiye mzee wa chama."

Sasa unatengenezaje chati isiyokudanganya hivi? Njia tunayoipendekeza ni ya hatua mbili, na unaweza kuifanya kwa Excel ama Google Sheets, hata kwa simu.

Kwanza, usimwandike mtu umri. Andika tarehe ya kuzaliwa, kisha uache karatasi ipige hesabu. Tuseme tarehe za kuzaliwa ziko safu ya B, na kwenye E1 umeandika tarehe ya siku unayotaka umri uhesabiwe. Weka hii kwenye C2 halafu uivute hadi chini:

```
=DATEDIF(B2,$E$1,"Y")
```

Hiyo inakupa miaka iliyotimia, bila kukadiria. Pili, andika jedwali dogo la mipaka pembeni. Safu ya F ina namba ambapo kila kundi linaanza, na safu ya G ina jina lake:

```
0    Mtoto
18   Kijana
35   Mtu mzima
60   Mzee
```

Kisha kwenye D2:

```
=VLOOKUP(C2,$F$2:$G$5,2,TRUE)
```

Ile TRUE ya mwisho inaiambia karatasi itafute namba kubwa kuliko zote ambayo haizidi umri wa mtu. Mwenye 34 anaangukia kwa 18, anakuwa kijana. Mwenye 35 anaangukia kwa 35, anakuwa mtu mzima. Ndivyo Katiba inavyosema. Kuhesabu vijana ni `=COUNTIF(D2:D41,"Kijana")`, basi.

Tunataja hili kwa sababu si kila fomula inakata upande huo huo. Kuna nyingine inaitwa FREQUENCY, watu wengi huitumia kwa kazi hii, na yenyewe huhesabu hadi na pamoja na namba ya mpaka. Ukiipa 18, 35 na 60, mwenye miaka 35 atahesabiwa na vijana, na mwenye 18 atahesabiwa na watoto. Ukiitumia, ipe 17, 34 na 59. Chati ya histogramu ya Excel ukiiacha ijichagulie yenyewe ndiyo mbaya zaidi: inaanzia umri mdogo kabisa ulio kwenye orodha, labda 21, halafu inajikatia upana wake. Haijui Katiba ya Kenya, na hatuwezi kuilaumu.

Utajuaje kama yako inakata sawa? Ingiza watu sita wa uongo wenye miaka 17, 18, 34, 35, 59 na 60. Angalia kila mmoja ameangukia wapi. Dakika mbili tu. Halafu wafute, tafadhali, usije ukawasajili.

Kuna jambo moja ambalo mtu makini atatupinga, na ana haki. Makundi haya ya kisheria hayana upana sawa. Kijana ni miaka 17, kutoka 18 hadi 34. Mtu mzima ni miaka 25, kutoka 35 hadi 59. Ukichora nguzo mbili, ile ya watu wazima inaweza kuwa ndefu si kwa sababu ni wengi kwa kila umri, ila kwa sababu umewakusanya kutoka eneo kubwa, kama mvuvi mwenye wavu mrefu kuliko wa jirani. Kwa orodha ya mwisho ya chama, vijana ni 26 kwa miaka 17, yaani mtu mmoja na nusu hivi kwa kila mwaka wa umri. Watu wazima ni 13 kwa miaka 25, nusu mtu tu kwa kila mwaka. Ukiangalia urefu wa nguzo unaona vijana ni mara mbili, kumbe msongamano wao ni karibu mara tatu.

Jibu letu ni kukata vipande vidogo vinavyolingana, mradi mipaka halisi iwe miongoni mwa mipaka ya vipande. Na hapa tuna bahati: 35 na 60 zote zinagawika kwa tano. Kwa hiyo ukitumia miaka mitano mitano, 20–24, 25–29, 30–34, 35–39 na kuendelea, mpaka wa 35 unaangukia kati ya nguzo mbili bila kumkata mtu. Tatizo linabaki kwa 15–19 peke yake, ambalo linachanganya watoto na watu wazima. Hilo ligawe mara mbili, 15–17 na 18–19, na uonye msomaji kwamba hizo nguzo ni nyembamba. Halafu paka rangi moja nguzo zote za vijana na rangi nyingine zilizobaki. Sasa chati moja inaonyesha umbo la chama na inajibu swali la sheria. Vipande vidogo unaweza kuviunganisha wakati wowote. Kundi kubwa ulilolikusanya tayari hulipasui tena, kama ugali uliosongwa, unga haurudi.

Na hilo la ugali tulijifunza kwa aibu yetu, kwa upande wa mapato. Tuliwahi kutuma fomu kwa wafanyabiashara tukiuliza mapato ya mwezi kwa makundi: 10,000 hadi 20,000, halafu 20,000 hadi 30,000, na kuendelea. Mama mmoja akatupigia simu akauliza, "Mwanangu, mimi napata elfu ishirini. Niweke tiki wapi?" Tukaangalia fomu. Alikuwa na haki, 20,000 ilikuwa mahali pawili. Na kwa kuwa mapato watu huyataja kwa namba za mviringo, 20,000 ndiyo jibu la watu wengi kuliko 19,400 ama 20,700. Wengi waliweka tiki popote. Data hiyo hatukuweza kuirekebisha, kwa sababu hatukuuliza kiasi, tuliuliza kundi.

Lakini hata tungeandika 20,001, makundi yale bado yalikuwa ya vidole kumi. Kwa mtu wa mshahara, mpaka ulio na maana ni 24,000. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Januari 2021, shilingi 24,000 za kwanza za mapato yanayotozwa kodi kwa mwezi hukatwa asilimia 10, ambayo ni 2,400, na kila mlipakodi ana nafuu ya 2,400. Zinafutana, hulipi kitu. Anayetozwa kwa 30,000 analipa asilimia 25 ya zile 6,000 za juu, yaani 1,500. Kundi la "20,000 hadi 30,000" linamweka asiyelipa na anayelipa kwenye nguzo moja. Ukitaka kujua ni wateja wangapi kodi ikiguswa wataumia, nguzo hiyo haina jibu.

Kwa mama wa soko la Kibuye hata 24,000 si mpaka wake. Wake uko kwenye mauzo ya mwaka: tangu Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inatakiwa kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Milioni moja kwa mwaka ni kama 83,000 kwa mwezi. Na hapa tunaomba uwe mwangalifu na taarifa ya simu yako, kwa sababu jumla ya pesa zilizoingia si mauzo, wala si mapato. Humo ndani kuna mchango wa harambee uliopitia kwako, kuna pesa ulizojitumia kutoka laini nyingine, kuna mkopo. Ukizichukua zote na kuzigawa kwa makundi utajikuta kwenye kundi la juu la watu ambao hata hamfanani. Ondoa kwanza visivyo mauzo, kisha ndio ukate.

Wale wa chama walitupigia juzi. Wamepata vijana watano, wanatafuta wawili. Tukawauliza swali moja: kati ya vijana wa sasa, wangapi wana 34? Kimya kidogo, sauti ya mtu akifungua simu. Wanne, akasema katibu, pamoja na yule wa Novemba. Maana yake ndani ya miezi 12 ijayo hao wanne watavuka mmoja mmoja. 33 itakuwa 29 kati ya 47, na asilimia 70 itakuwa 62 bila mtu yeyote kuhama. Tumemshauri abadilishe tarehe ya E1 iwe ya Desemba, ahesabu tena, halafu ndio aamue wanatafuta wangapi.